Katoni Chini ya Kitanda

Bwana mmoja wa Lukenya alipatwa na kiharusi akitoka kazini Athi River. Alilazwa wiki tano bila kuweza kusema, kisha akafariki. Mkewe aliniletea katoni iliyokuwa chini ya kitanda: risiti za ploti, kadi za benki, barua za ushirika wa akiba na mikopo, na simu ambayo namba yake ya siri hakuijua. Kazi yangu ni mirathi, na katoni kama hiyo naijua vizuri.

Wiki zile tano ndizo zilizomtesa mkewe zaidi. Alifika benki na cheti cha ndoa, akaambiwa ndoa haimpi ruhusa ya kugusa akaunti ya mumewe aliye hai. Wengi hudhani dawa ni kuandikisha hati ya uwakilishi kwa wakili mapema. Lakini hati ya kawaida hukoma kufanya kazi aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili, yaani saa ile ile inapohitajika. Baada ya hapo familia hulazimika kuiomba mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, imteue mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa.

Ndiyo maana nashauri akaunti moja ya pamoja yenye fedha za miezi michache za nyumba na hospitali. Isome fomu ya kuifungua kwa makini. Ikisema sahihi ya yeyote kati yenu inatosha, mmoja akiugua mwenzake kwa kawaida ataendelea kutoa fedha. Ikidai sahihi zote mbili, ugonjwa wa mmoja unaifunga.

Kifo kilipokuja, mali ya marehemu ilifuata njia mbili. Akiba ya ushirika na mafao ya uzeeni kwa kawaida hulipwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu ya mteule, bila kupitia mirathi. Bwana huyu alijaza fomu ya ushirika kabla hajaoa, akamwandika kaka yake. Kaka alishafariki, na fomu haikubadilishwa. Fedha ambazo zingemfikia mjane haraka ikabidi zisubiri mahakama pamoja na mali nyingine. Isitoshe, alikuwa amewadhamini wenzake wawili wa kazini katika mikopo yao, jambo ambalo mkewe hakulijua kabisa.

Njia ya pili ni ile ya Sheria ya Urithi, sura ya 160. Unaanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, unawasilisha ombi mahakamani, kisha tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na wenye pingamizi wanapewa siku 30. Hata ukishapata hati ya usimamizi, kugawa mali kwa kawaida husubiri ithibitishwe baada ya miezi 6. Kabla ya kupata hati hiyo, kutoa fedha kwa kadi ya marehemu ni kosa chini ya kifungu cha 45, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hiyo usiwaachie watu wako namba ya siri ukidhani umewasaidia.

Ploti ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Huku Lukenya watu wengi wamenunua kupitia makampuni na vyama, na karatasi waliyo nayo ni cheti cha hisa. Iangalie yako leo. Ikiwa ina namba ya bloku na ya kipande, unaweza kuomba upekuzi katika masjala ya ardhi uone jina la nani limeandikwa. Ikiwa ina namba ya uanachama tu, unachomiliki kwa sasa ni haki ya kudai ardhi kutoka kwa aliyekuuzia. Basi andika jina la muuzaji, namba ya uanachama, namba ya ploti kwenye ramani, kiasi kilichobaki kulipwa, na jina la mtu aliyekuonyesha bikoni.

Hayo yote yanaingia kwenye karatasi moja. Taja benki na tawi, na tarakimu nne za mwisho za akaunti zinatosha. Ongeza namba ya simu iliyosajiliwa M-Pesa, ushirika na jina la mteule, bima, PIN ya KRA, madeni na udhamini, na mahali wosia ulipo. Kama wosia umeandikwa, uwe na mashahidi wawili wasiorithi chochote ndani yake. Weka karatasi hiyo katika bahasha pamoja na nakala za vyeti, na watu wawili wajue ilipo.

Katoni ya yule mama tuliipanga siku mbili mezani. Nilimwomba asiiache laini ya mumewe ife, kwa sababu jumbe za benki zilikuwa bado zinaingia. Ujumbe mmoja ulitaja akaunti ambayo haikuwa na karatasi yoyote katonini. Kisha tulibonyeza *361#, namba ya mamlaka inayohifadhi mali za kifedha zisizodaiwa, tukaweka namba ya kitambulisho cha marehemu.