Siri ya pembe ndani ya wayo wa kaboni

Ukimwona mtu anatembea kwa mguu wa bandia wa kisasa, angalia sehemu iliyo chini ya kifundo. Mara nyingi utakuta bapa jeusi lililopinda, lenye unene wa milimita chache tu. Kisigino kikigusa chini linabonyea, mwili ukihamia mbele linakunjika, na vidole vinapotaka kuondoka ardhini linanyooka na kumsukuma mwenyewe aendelee. Bapa hilo ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya gundi ya epoksi. Wazo hilo lilitokana na Mmarekani Van Phillips, aliyepoteza mguu chini ya goti mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 21. Hakuridhika na wayo mgumu wa mbao na mpira aliopewa, akaanza kutengeneza wake akishirikiana na Dale Abildskov, mhandisi aliyezijua nyuzi za kaboni. Kutokana na kazi yao ulizaliwa wayo ulioitwa Flex-Foot.

Watu wengi husema wayo huo ni mwepesi na imara “kwa sababu ni wa kaboni”. Maelezo hayo hayatoshi. Unaweza kuchukua nyuzi zilezile, gundi ileile na unene uleule, ukatengeneza wayo unaomrusha mtu mbele vizuri, au wayo unaolegea chini yake kama kadibodi. Kinachotofautisha ni mambo mawili: kila tabaka limeelekezwa wapi, na limewekwa la ngapi kutoka nje.

Tuanze na tabaka moja. Karatasi ya kaboni inayotumika kiwandani huwa na unene wa takriban milimita 0.125, na nyuzi zake zote zimelala upande mmoja. Wahandisi hupima ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kuvutika au kupinda, kwa kipimo cha gigapaskali. Tabaka la kawaida likivutwa sambamba na nyuzi zake hutoa takriban gigapaskali 140, maradufu ya alumini yenye 70. Likivutwa kwa kukingama, yaani kwa digrii 90, hutoa kama 10 tu, kwa kuwa hapo anayebeba mzigo ni gundi. Tabaka moja, mara kumi na nne ya tofauti.

Mtu angetarajia ukakamavu ushuke polepole kutoka 140 hadi 10 kadiri pembe inavyoongezeka. Sivyo. Kwa tabaka nililolieleza, ukigeuza mvuto kwa digrii 10 tu kutoka kwenye mstari wa nyuzi, hesabu inatoa takriban 80. Kwa digrii 30 inabaki 21, na kwa digrii 45 inabaki 13. Sehemu kubwa ya hasara inatokea mwanzoni kabisa, mahali ambapo jicho la fundi lisingeona kosa lolote.

Sababu unaweza kuishika mikononi. Chukua kanga, uivute sambamba na nyuzi zake: inakaza. Sasa shika pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, uvute tena: inarefuka na kusinyaa katikati, na hakuna uzi hata mmoja uliorefuka. Nyuzi zimegeuka tu. Ndani ya tabaka la kaboni, gundi ndiyo inayojaribu kuzuia mgeuko huo, lakini ukakamavu wa tabaka dhidi ya kuteleza kwa namna hiyo ni kama gigapaskali 5 tu. Ndiyo maana digrii 10 zinaumiza kiasi kile: karibu nusu ya mrefuko wote unaoonekana hapo unatokana na mtelezo wa gundi, wala nyuzi zenyewe hazina hatia.

Basi dawa ya ugonjwa huo ni kuweka jirani anayezuia mtelezo. Ukilaza tabaka moja kwa digrii +45 na jingine kwa −45, kila moja linakaza upande ambao mwenzake analegea. Uwezo wao wa pamoja wa kukataa mtelezo unapanda kutoka 5 hadi takriban 36, mara saba. Na lile tabaka letu lililokosewa kwa digrii 10? Likibanwa kabisa na majirani wa namna hiyo wasioliruhusu kuteleza, mchango wake unashuka kutoka kama 140 hadi 133 hivi, si hadi 80. Kwangu hili ndilo jambo la kuvutia kuliko yote katika somo hili: pembe ya tabaka haina thamani yake peke yake, thamani inategemea nani amelala juu na nani amelala chini yake.

Sasa turudi kwenye wayo, kwa sababu mwili wa mtu unadai mambo yasiyolingana. Kutoka kisigino hadi vidole tunataka springi inayopinda na kurudi, kwa hiyo tunahitaji nyuzi za digrii 0, yaani zinazofuata urefu wa wayo. Lakini mtu wa kilo 70 akikanyaga jiwe lililo sentimita 3 kando ya mstari wa katikati, wayo unapokea nguvu ya kuusokota ya takriban nyutoni-mita 21. Nyuzi za digrii 0 hazina la kufanya mbele ya msokoto, wanaobeba ni wale wa +45 na −45. Tena bapa lenye nyuzi za urefu peke yake huwa tayari kupasuka kwa kufuata nyuzi, hasa kwenye tundu la boliti linalounganisha wayo na bomba la mguu. Hapo ndipo matabaka machache ya digrii 90 yanapopata kazi: hayaongezi springi, yanafunga bapa lisichanike.

Chukua mfano mdogo wa matabaka manane, milimita moja kwa jumla: mawili ya digrii 0, mawili ya +45, mawili ya −45 na mawili ya 90. Yapangwe kwa ulinganifu, nusu ya chini ikiwa kioo cha nusu ya juu. Ukilivuta bapa hili kama kamba, mpangilio haujalishi. Utapata takriban gigapaskali 54 kila upande, chini ya alumini, ingawa uzito wake ni kama asilimia 60 ya alumini. Hapa wengi hushangaa, maana walidhani kaboni lazima iishinde metali kila mahali. Ukiitaka ihudumie pande zote sawasawa, unalipa.

Wayo hata hivyo hauvutwi, unapindwa, na kwenye kupinda nafasi ya tabaka inahesabika kuliko kitu kingine. Katika bapa la matabaka manane yanayofanana, mawili ya nje kabisa, la juu na la chini, hubeba asilimia 58 ya ukakamavu wote wa kupinda. Mawili ya katikati kabisa hayafikishi hata asilimia 2. Ukipanga kutoka nje kwenda ndani 0, +45, −45, 90, ukaupa ukakamavu wa kupinda wa ukanda mwembamba alama 100, kisha ukabadilisha yale ya 0 na ya 90 nafasi zao, alama zinaanguka hadi karibu 25. Hakuna uzi ulioongezwa wala kupunguzwa.

Je, ukitoa nje yale ya +45 na −45, na 0 ikaingia ndani? Sasa wayo unakataa msokoto karibu maradufu ya mwanzo, lakini alama za kupinda kwa urefu zinashuka hadi kama 36. Huo ndio ugomvi wenyewe: nafasi ya nje ni moja na inatakiwa na wawili. Mtengenezaji anaumaliza kwa kuongeza idadi ya matabaka, kuyachanganya, na kulifanya bapa liwe nene karibu na kifundo na jembamba vidoleni. Nyayo nyingi pia hupasuliwa makusudi kwa urefu upande wa mbele, ili nusu moja ishuke na nyingine ibaki juu mtu anapokanyaga jiwe. Hivyo sehemu ya msokoto haifiki kabisa kwenye kisiki cha mguu. Naona huo ni uamuzi wa busara kuliko kuendelea kurundika matabaka ya 45.

Ule ulinganifu wa kioo nilioutaja si urembo. Gundi hukaushwa kwa joto, mara nyingi kati ya nyuzijoto 120 na 180, kisha kitu kinapoa. Kwa urefu wa nyuzi, kaboni karibu haisinyai kabisa, lakini kwa kukingama gundi husinyaa sana. Ukiweka tabaka la 0 upande mmoja na la 90 upande wa pili bila ya kioo, bapa litatoka kwenye tanuri limejikunja lenyewe kabla ya mtu kulikanyaga. Na idadi ya +45 isipolingana na ya −45, kila mara bapa linapobebeshwa mzigo linajisokota upande mmoja. Kwa mwenye mguu maana yake ni vidole vinavyokwenda pembeni katika kila hatua, na goti linalofuata.

Kasoro hizi hazionekani kwa macho, kwa kuwa nje kote ni weusi mmoja. Viwandani nyayo hupimwa kwa mashine inayobonyeza kisigino na vidole kwa zamu, mizunguko milioni 2 kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 22675. Mtumiaji naye ana dalili zake. Matabaka yakianza kuachana, wayo hutoa mlio wa kukatika-katika, unalegea kuliko wiki iliyopita, au nyuzi zinachomoza ukingoni. Fundi akiugonga kwa sarafu, sehemu nzima hulia kwa mlio mkali na sehemu iliyoachana hutoa sauti nzito, butu. Wayo wa namna hiyo haurudishwi katika hali yake kwa gundi ya dukani, unapaswa kuvuliwa na kupelekwa kwa mtaalamu. Hata usioharibika huuzwa kwa daraja la uzito na shughuli za mtu, hivyo aliyeongezeka kilo nyingi tangu apimwe ana springi iliyopangiwa mwili mwingine.

Na kuna jambo moja ninalowasihi mafundi na ndugu wa mgonjwa: msiupige tupa wala kuutoboa wayo wa kaboni ili uingie kwenye kiatu. Katika bapa la matabaka 40 yanayofanana, yale mawili ya nje peke yake yana asilimia 14 ya ukakamavu wa kupinda. Tupa haihitaji kula hata robo milimita upande mmoja kuliondoa tabaka la nje, na yanayobaki hayana tena ulinganifu uliokuwepo. Kiatu ndicho cha kubadilishwa, au gamba la mpira linalouvika wayo.