Umefuta apu lakini bado unakatwa pesa? Idhini yako ingali hai

Tuseme tarehe 3 Machi ulijiunga na huduma ya filamu mtandaoni, ujaribu bure kwa siku saba. Ukajaza nambari ya kadi, ukaweka OTP iliyokuja kwa meseji, basi. Tarehe 10 ukakatwa shilingi 900, na tangu hapo unakatwa kila mwezi bila kuulizwa PIN wala OTP.

Hapo hakuna aliyeiba kadi yako. Siku ile ya kwanza ulikubali kampuni ihifadhi kadi na iendelee kuikata kulingana na masharti yake. Hiyo ndiyo idhini. Malipo yanayofuata huanzishwa na kampuni yenyewe, yakirejelea yale ya kwanza uliyothibitisha.

Mwezi Mei unafuta apu. Tarehe 10 Juni unakatwa tena, kwa sababu kufuta apu kunaiondoa kwenye simu tu. Unaomba kadi mpya, lakini tarehe 10 Julai ni yale yale. Visa ina huduma iitwayo Visa Account Updater, ambayo benki zilizojiunga nayo huitumia kuzipa kampuni kama hizo nambari mpya ya kadi. Kuacha kadi bila salio pia si dawa: kampuni inaweza kujaribu tena baadaye, na pesa ikiingia inakatwa.

Idhini huondolewa pale ulipoitoa. Tuseme tarehe 12 Julai unaingia kwenye akaunti yako katika tovuti ya kampuni, unafungua `Subscription` au `Billing`, unabonyeza `Cancel`. Usitoke kabla ya kuona ujumbe kwamba usajili umesitishwa, maana kurasa nyingi huuliza zaidi ya mara moja. Kama ulilipia kupitia Google Play, sitisha huko huko. Usipoona kitufe, andika barua pepe. Kisha hifadhi ushahidi wenye tarehe: barua pepe ya uthibitisho au picha ya skrini. Kwa kawaida utaendelea kutazama hadi muda uliolipia uishe.

Sasa tarehe 10 Agosti wanakukata tena. Hapo una kesi. Tuletee ushahidi wako, sisi au benki iliyokupa kadi, useme unapinga malipo ya kujirudia yaliyokwisha kusitishwa. Katika kanuni za Visa hiyo ni sababu nambari 13.2. Omba pia makato mengine ya kampuni hiyo yazuiwe. Usikawie: Visa huweka kikomo cha siku 120, na kampuni nayo hupewa nafasi ya kujibu.

Je, zile shilingi 900 za Juni na Julai? Kwa sababu hii ya 13.2 hazirudi, kwani idhini ilikuwa bado hai. Unaweza kuiomba kampuni ikurudishie, lakini uamuzi ni wake. Tarehe inayohesabiwa ni ile uliyositisha usajili, si ile uliyofuta apu.