Unaposali Baba Yetu, unajua unajifunga kwa neno gani?



Jumamosi moja jioni nilikuwa mgeni katika nyumba moja huko Momela, upande ule ambao Mlima Meru unaonekana wote asubuhi kabla mawingu hayajaushika. Mjukuu wa nyumba hiyo, binti wa miaka 14, alikuwa anajiandaa kwa kipaimara, na kesho yake angeulizwa Sala ya Bwana mbele ya wenzake. Aliitamka yote bila kukosea, kwa pumzi moja. Bibi yake akatabasamu, nami nikampongeza. Kisha nikamwuliza swali ambalo Martin Luther aliliweka baada ya kila ombi katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529: maana yake nini?

Binti akanyamaza. Bibi akamtetea. “Mwanangu, hata mimi nimeisali tangu utoto, na sikuwahi kuulizwa hivyo. Nyumbani tulikuwa tunasema Kimeru. Kiswahili hiki tulikishika kwa masikio.”

Basi tukakaa jikoni, chai ikiwa motoni, tukaanza kuifungua sala hiyo neno kwa neno. Leo nataka nikushirikishe maneno machache tuliyoyafungua, kwa sababu nadhani si nyumba hiyo tu inayosali kwa masikio.

Tulianza na neno “uliye”. Bibi alikuwa anasema “ulie”, na maisha yake yote alidhani tunamwomba Baba alie kwa ajili yetu huko mbinguni. Usicheke, maana tofauti ya “ulie” na “uliye” ni herufi moja, na kanisa zima likisema kwa pamoja hakuna sikio linaloweza kuitenga. Neno lenyewe lina vipande vitatu. “U” ni wewe. “Li” hapa ni kitenzi cha kuwa katika umbo lake la zamani. Si ile “li” ya wakati uliopita. “Ye” ni ambaye. Kwa hiyo “uliye” ni wewe ambaye uko. Kama tungetaka kusema Baba alikuwako zamani, tungesema “uliyekuwa”. Sala haianzi na Baba wa zamani wala Baba anayelia. Inaanza na Baba aliyeko.

Neno la pili lilimtega binti. Ni “litukuzwe”. Yeye alilikata hivi: “li-tu-kuzwe”, akasema tunaomba jina la Mungu litukuze sisi, tukue. Kosa lake lina akili, kwa sababu nusu ya pili ya sala imejaa “tu” yenye maana ya sisi: utupe, utusamehe, usitutie, utuokoe. Lakini “tu” ya “litukuzwe” si sisi. Ni sehemu ya kitenzi chenyewe, tukuza. “Li” inashika jina, kama tusemavyo jina limeandikwa. “W” inaonyesha kwamba jina ndilo linalotendewa. Na “e” ya mwisho ndiyo inayoligeuza neno kuwa ombi: si limetukuzwa, wala litatukuzwa, bali na litukuzwe.

Ukilikata vibaya neno hilo, unakuwa umeigeuza sala kichwa chini. Maombi matatu ya mwanzo hayatutaji sisi hata kidogo. Yanasema jina lako, ufalme wako, mapenzi yako. “Tu” yetu inaingia baadaye, tunapofika kwenye chakula. Binti alikuwa amejiweka mbele ya foleni bila kujua.

Kwenye “mapenzi” alicheka mwenyewe. Kwa masikio ya kijana wa leo neno hilo ni la nyimbo za redioni. Lakini mzizi wake ni penda, na kupenda katika Kiswahili cha watu wazima ni pia kutaka. Mtu akikuambia “ukipenda, njoo kesho”, hazungumzii mahaba. Ndugu zetu Wakatoliki hapo hapo hutumia neno “utakalo”, yaani lile ulitakalo wewe, na mtego huo hawakutani nao. Nilimwambia binti: ukikwama kwenye neno la sala yako, sikiliza jirani wa dhehebu lingine anasemaje. Mara nyingi neno lake linakuwa taa kwa neno lako.

Hali ni hiyo hiyo kwenye chakula. Sisi tunasema “riziki”, wao wanasema “mkate”. Neno la Kigiriki linaloambatana na mkate huo katika Injili ni adimu mno, na wataalamu hadi leo wanabishana kama ni mkate wa leo, wa kesho, au ule unaotosha. Riziki, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, linabeba fungu la mtu, chochote kinachomwendesha siku hiyo. Bibi alilielewa upesi kuliko mimi. “Hapa Momela,” akasema, “riziki ya kwanza ni maji. Maziwa yamejaa hapo, lakini yana magadi, huwezi kunywa. Unaamka unatafuta ya leo.” Akaligusa neno “leo” bila kufundishwa.

Kisha tukafika kwenye deni.

Katika Biblia tuliyoizoea ya mwaka 1952, Mathayo 6:12 ina maneno mawili yanayochanganya watu wengi: “deni” na “wadeni”. Binti alidhani mdeni ni yule anayetudai. Sivyo. Mdeni ni anayedaiwa. Wadeni wetu ni watu wenye chetu mikononi mwao. Luka 11:4 anaziita zetu dhambi, lakini za wenzetu anaziacha katika lugha ile ile ya kudai. Kwa hiyo tukisema makosa au tukisema madeni, picha ni moja: kuna daftari, na kuna jina lililoandikwa ndani yake.

Hapo ndipo lilipo neno refu kuliko yote katika sala hiyo, “tuwasamehevyo”. Wengi hulimeza, kwa sababu linakuja wakati pumzi inaisha. Tulilikata polepole. “Tu” ni sisi. “Wa” ni wao. “Samehe” inajulikana. Ikabaki “vyo”.

“Vyo” ni kipimo. Ukimwambia fundi “nishonee kama unavyomshonea mkeo”, umempa kipimo cha kazi. Ukisema “nipe kama nikupavyo”, umeweka mizani mbili ziwe sawa. Ndivyo silabi hiyo inavyofanya kazi ndani ya sala. Haisemi tu kwamba sisi pia tunasamehe. Inamwambia Mungu atumie kipimo chetu.

Kuna jambo lingine ndani ya neno hilo. Halina wakati. Halisemi tuliwasamehe wala tutawasamehe. Umbo hilo ndilo tunalotumia kwa mambo ya daima, kama tukisema mto utiririkao au mlima uonekanao. Wakatoliki wanasema “tunavyowasamehe”, na hiyo “na” inaileta habari hadi sasa hivi. Katika umbo letu, msemaji anaitaja tabia yake: kama tufanyavyo siku zote.

Bibi aliweka kikombe chini. “Kumbe ni mimi ninayejitaja,” akasema.

Hakusema zaidi kwa muda. Baadaye akatueleza. Masika iliyopita alimkopesha jirani yake, mama kijana, madebe mawili ya maharage ya mbegu. Mavuno yakaja, maharage hayakurudi. Wakawa wanapishana njia ya bombani bila salamu. “Na kila usiku nasali,” akasema. “Nimekuwa namwambia Mungu anipimie kwa debe hilo.”

Akaniuliza kama anaweza kuiruka sehemu hiyo mpaka moyo wake utulie. Nilimfungulia mistari inayofuata mara baada ya sala, Mathayo 6:14 na 15. Kati ya maombi yote ya sala hiyo, hilo la msamaha ndilo pekee ambalo Yesu analirudia hapo hapo na kulifafanua. Hakurudi kufafanua mkate wala majaribu. Alijua tutataka kuliruka.

Lakini sikutaka kumwambia kwamba madebe mawili si kitu, kwa sababu ni kitu. Katika Mathayo 18 Yesu anasimulia habari za mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, kisha akamkaba mwenzake aliyemwia dinari mia. Tunapenda kuhubiri kwamba zile dinari zilikuwa senti tu. Mathayo 20:2 inaonyesha kuwa dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Dinari mia ni siku mia za kulima shamba la mtu, zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Mwenzake alikuwa na deni la kweli. Talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, kwa hiyo deni la kwanza lilikuwa kama siku milioni sitini za kazi, ambazo hakuna mtu anayeweza kuziishi. Yesu hasemi deni la jirani ni dogo. Anaomba tuliweke kando ya lile letu, ndipo tuamue.

Bibi alisikiliza, hakuahidi kitu. Tulisali tukalala.

Ukitaka kujua kama unaielewa sala unayoisali, jipime hivi leo jioni. Isali polepole, peke yako, bila sauti ya kusanyiko kukubeba. Kwenye kila kitenzi simama, ujiulize: nani anatenda, na nani anatendewa? Kisha jaribu kuisema kwa lugha ya nyumbani kwenu, Kimeru, Kimaasai, Kichaga, yoyote uliyonyonya nayo, bila kuinakili iliyochapwa. Pale utakapokosa la kusema, hapo ndipo ulipokuwa unatamka tu. Wala usiogope pale, maana somo lako linaanzia hapo.

Jumapili asubuhi binti alijibu vizuri. Alipoulizwa neno gumu, alitaja “tuwasamehevyo”, akalikata vipande vinne mbele ya wenzake.

Tulipotoka ibadani nikamwona bibi amesimama mlangoni na mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Mama yule aliinama akatoa shikamoo, na bibi akaipokea, “Marahaba, mwanangu.” Hawakuzungumza zaidi. Njiani sikumwuliza, akasema mwenyewe.

“Maharage sijayasamehe bado,” akasema. “Lakini leo nilipofika kwenye lile neno, sikulimeza. Nimelisema lote.”

Amina, yaani na iwe hivyo.