OBS Inasema Iko Fiti, Ukurasa Unasema "No data": Shida Huwa Iko Wapi?

Kama umewahi kufanya kazi ya laivu mashinani, hii stori unaijua. Jumamosi moja tulikuwa Runyenjes, Embu, tukirusha mazishi. Mbogi yetu ilikuwa imetoka Meru mjini saa kumi na moja alfajiri, tukapita Chuka tukiwa na kamera mbili, laptopu moja na modemu. Hii kazi imekuwa ya kawaida tangu 2020, wakati serikali ilisema mazishi yasizidi watu 15 na familia zikalazimika kufuata kwa simu. Siku hizi hakuna kikomo, lakini kila familia iko na mtu majuu.

Saa tano asubuhi nikabonyeza `Start Streaming`. Chini ya OBS kukatokea alama ya kijani, saa ikaanza kuhesabu, na namba ikasimama karibu na 2500 kbps. Safi. Dakika tatu baadaye mtoto wa marehemu akanijia na simu mkononi. "Bro, shangazi yuko Texas, huko ni saa tisa usiku na ameamka kwa sababu ya hii kitu. Anaona giza tu." Nikafungua ukurasa wa laivu: `No data`.

Hapo ndipo wasee wengi huanza kulaumu netiweki. Ni rahisi, uko mashambani na milima iko pande zote. Lakini hebu tulia kwanza usome hizo namba.

Enkoda ina kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kubana picha ya kamera iwe ndogo. Hiyo hufanyika ndani ya laptopu na haihitaji intaneti hata kidogo. Ya pili ni kutuma hiyo picha iliyobanwa hadi kwa seva. Kwa hivyo feni kupiga kelele na picha kucheza kwa skrini hakumaanishi kuna kitu kimetoka nje. Kuna jamaa hubonyeza `Start Recording` wakidhani wako laivu, na kila kitu kinaonekana kinakimbia. Cheki kbps. Ikiwa haipo kabisa ama ni 0, data haitoki kwako. Ikiwa iko juu na imetulia, data inatoka na kuna seva inayoipokea mahali.

Yetu ilikuwa imetulia. Swali likabaki: inaenda wapi?

Jibu ni ufunguo, ile safu ya herufi na namba unayoweka kwa `Stream Key`. Anwani ya seva ni moja kwa watu wote. Kwa YouTube, kwa mfano, ni hii:

```
rtmp://a.rtmp.youtube.com/live2
```

Kinachotofautisha video yako na ya msee mwingine ni ufunguo peke yake. Ni kama bweni la sanduku za barua: posta ni moja, sanduku ni nyingi. Ukiandika namba ya sanduku lingine ambalo pia ni lako, barua inafika bila shida, lakini wewe unaendelea kuchungulia sanduku tupu.

Ndivyo ilivyotupata. Linki tuliyopea familia ilitengenezwa Alhamisi na mwenzetu wa Meru, na akaitolea ufunguo mpya. Laptopu bado ilikuwa na ufunguo wa harusi ya wiki iliyopita. Ufunguo ni halali, seva imeukubali, kijani kinawaka, lakini video inaingia kwa mlango ambao hakuna mtu amesimama. Kupima hii haichukui hata dakika: fungua ufunguo kwa ukurasa wa tukio, fungua ule wa OBS kwa `Settings` kisha `Stream`, ulinganishe herufi nne za mwisho. Zikitofautiana, umepata mchawi. Nakili ule wa ukurasa wa tukio, ubandike, na uangalie usije ukabeba nafasi tupu mwishoni.

Nikabandika. Nikabonyeza tena. Sasa ikadinda kabisa: ufunguo unatumika.

Unatumika na nani? Nikageuka. Mwenzangu, kwa nia nzuri kabisa, alikuwa ameona `No data` akaamua kutuokoa. Alikuwa ameweka ufunguo huo huo kwa simu yake na kuanza kurusha akiwa chini ya mwembe. Watu wawili tulikuwa tunarekebisha shida moja bila kuongea.

Seva nyingi hukubali mrushaji mmoja kwa kila ufunguo. Wa pili akija, zingine humfungia nje. Zingine humfukuza wa kwanza, na hapo ndio noma zaidi, kwa sababu OBS imewekwa ijiunganishe yenyewe ikikatika. Laptopu inaitoa simu, simu inarudi inaitoa laptopu, na kwa ukurasa mtu anaona picha ikitokea na kupotea. Ukiona kukatika kwa mpangilio hivyo, kila sekunde chache, usikimbilie modemu. Uliza kwanza nani mwingine ako na ufunguo.

Nikamwambia azime. Akazima data ya simu. Kosa dogo, lakini liligharimu. Ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, programu huaga seva: nimemaliza, funga mlango. Ukizima data ghafla, hakuna kwaheri. Seva inabaki imeshika mlango ikidhani uko njiani, hadi muda wake wa kusubiri uishe. Modemu ikipoteza netiweki matokeo ni hayo hayo, ndiyo maana unaweza kuambiwa ufunguo unatumika na uko peke yako. Huyo anayeutumia ni wewe wa dakika iliyopita.

Dawa hapo ni kusubiri. Simamisha enkoda, ngoja dakika moja au mbili, kisha jaribu mara moja. Ukibonyeza kila sekunde hutafungua chochote kabla ya seva kuachilia. Ikiendelea kukataa hata baada ya hapo, kuna kifaa kingine kweli, labda kompyuta ya ofisi iliyoachwa wazi. Hapo tengeneza ufunguo mpya. Kwa YouTube kuna kitufe cha `Reset` karibu na ufunguo. Lakini jua kwamba ule wa zamani unakufa kwa vifaa vyote, kwa hivyo lazima ubandike mpya kwa OBS kabla ya kuanza.

Sisi tulisubiri. Saa tano na dakika kumi na saba picha ikaingia. Shangazi alikosa wasifu wa marehemu uliosomwa na kaka yake, akapata mahubiri na kaburi. Wasifu ulikuwa umerekodiwa kwa kamera, nikautuma jioni, lakini kutumiwa si kuwa hapo.

Tangu siku hiyo mbogi yetu iko na sheria mbili. Ufunguo unashikwa na mtu mmoja, na simu ya dharura ina tukio lake na ufunguo wake tofauti. Na nusu saa kabla ya shughuli, mtu mwingine anafungua ile linki yenyewe iliyotumwa kwa familia, kwa simu isiyo kwa wifi yetu, halafu anatuambia ameona nini. Kijani cha OBS kinakuambia kilichotoka kwako. Kilichofika utaambiwa na yule anayetazama.