Mteja wa Dakika 22

Tuchukue dirisha moja la wakala wa fedha za simu, mhudumu mmoja, saa nne asubuhi. Kati ya kila wateja 10, tisa wanataka kuweka au kutoa pesa tu, na kila mmoja anamalizana na mhudumu kwa dakika 2. Wa kumi amepoteza simu na anataka laini yake irudishwe. Kidole kinakataa kusomwa, anakipangusa kwenye nguo na kujaribu tena, kitambulisho kinatafutwa mkobani, mtandao unasuasua. Huyo anachukua dakika 22.

Jumla ya kazi ni dakika 40 kwa watu 10, yaani wastani wa dakika 4 kila mmoja. Wateja wanafika 12 kwa saa, kila mtu kwa wakati wake. Kwa hiyo katika kila dakika 60 mhudumu ana kazi ya dakika 48: yuko bize asilimia 80 ya muda na asilimia 20 amekaa bure. Mwenye duka akiziona namba hizi atasema dirisha linatosha. Mbona basi foleni inafika barabarani?

Jibu lina zaidi ya miaka 90. Agner Krarup Erlang alikuwa ameanza hesabu za foleni mwaka 1909, akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Kopenhageni. Mwaka 1930 Felix Pollaczek, na miaka miwili baadaye Aleksandr Khinchin wa Urusi, walipata kanuni inayofaa hata pale muda wa huduma unapobadilika kwa namna yoyote ile. Kanuni haihitaji orodha nzima ya muda wa kila mteja. Mbali na kasi ya kufika, inataka vitu viwili tu: wastani wa muda wa huduma na varianzi yake, yaani kipimo cha jinsi muda huo unavyotawanyika kuuzunguka wastani.

Varianzi tunaipata hivi. Wale tisa wako dakika 2 chini ya wastani. Mraba wake ni 4. Yule mmoja yuko dakika 18 juu. Mraba wake ni 324. Tisa mara 4 ni 36, jumlisha 324 unapata 360, gawa kwa 10: varianzi ni 36. Sehemu kubwa mno ya namba hiyo imeletwa na mtu mmoja.

Sasa kanuni yenyewe:

Lq = (λ²σ² + ρ²) / (2(1 − ρ))

Lq ni wastani wa watu wanaosubiri, bila kumhesabu anayehudumiwa. λ ni wateja wanaofika kwa dakika, hapa 0.2. σ² ni varianzi, na ρ ni sehemu ya muda ambayo mhudumu yuko bize, 0.8. Juu tunapata 1.44 na 0.64, jumla 2.08, chini tunapata 0.4. Foleni ni watu 5.2. Tukigawanya kwa 0.2, kila mtu anasubiri wastani wa dakika 26 kwa shughuli ambayo kwa wengi ni ya dakika 2.

Kama kila mteja angechukua dakika 4 kamili, varianzi ingekuwa sifuri na foleni watu 1.6, kusubiri dakika 8. Mhudumu ni yuleyule, kazi kwa saa ni ileile, ila kusubiri kumezidi mara tatu.

Sababu yake inaonekana ukisimama pale dirishani. Katika dakika 40 za kazi, 22 ni za mtu mmoja. Ukifika wakati wowote na kukuta mhudumu ameshikika, kuna uwezekano zaidi ya nusu kwamba aliye mbele yake ni huyo wa laini iliyopotea. Ndiyo maana kazi iliyobaki kwa anayehudumiwa ina wastani wa dakika 6.5, ndefu kuliko huduma nzima ya kawaida. Na wakati huo wote watu wanazidi kujipanga nyuma.

Hapo ndipo pa kushika, badala ya kumhimiza mhudumu ahesabu noti haraka zaidi. Tuseme kijana msaidizi anakagua kitambulisho na namba pembeni kabla mteja hajafika dirishani, na dakika 22 zikashuka hadi 12. Wastani unakuwa 3, varianzi 9, mhudumu bize asilimia 60. Foleni inashuka kutoka watu 5.2 hadi 0.9, na kusubiri hadi dakika 4.5.

Ila kanuni hii ina masharti. ρ lazima iwe chini ya 1, la sivyo foleni haina mwisho. Varianzi nayo haipimwi kwa asubuhi moja, kwa sababu mteja mmoja wa saa nzima anaweza kuigeuza yote. Andika muda wa mamia ya wateja. Tena wateja wawe wanafika kila mmoja kivyake. Dirisha likiwa karibu na kituo cha basi, watu 15 hushuka kwa pamoja, na foleni halisi itakuwa ndefu kuliko hesabu. Ukiona tofauti hiyo, andika saa za kufika: zikijikusanya mafungumafungu, kosa haliko kwa mhudumu wala kwa wenye laini zilizopotea.