Namba ni ya mada, si ya siku

Mafunzo ya siku nne huharibikia kwenye kuhesabu kabla hayajaharibikia kwenye maudhui. Tuchukue mafunzo ya wahasibu na wajumbe wa bodi za SACCOS: mada 12, slaidi karibu 200, wawezeshaji watatu. Aliyeandaa amefanya lile ambalo wengi hulifanya, yaani amezipa mada namba kwa kufuata siku. Siku ya Pili ina 2.1, 2.2 na 2.3, na mikopo chechefu ndiyo 2.3. Siku ya Pili inafika, washiriki wana maswali mengi, saa 11 jioni inagonga mada ikiwa nusu. Kesho yake asubuhi mwezeshaji anaendelea na 2.3 katika Siku ya Tatu, na kuanzia hapo ratiba ukutani, vitini mezani na slaidi kwenye projekta kila kimoja kinasema lake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: hesabu mada mfululizo kutoka 1 hadi 12, na siku iache ibaki kwenye ratiba. Mikopo chechefu ikiwa Mada ya 6, itabaki ya 6 hata ikifundishwa Ijumaa. Vipande vyake ni 6.1, 6.2, 6.3; ukijikuta unaandika 6.2.1, ujue mada hiyo imenenepa na inahitaji kugawanywa. Zoezi la mada hiyo liitwe Zoezi la 6 na kitini chake Kitini cha 6, ili mtu aliyechelewa kurudi kutoka chai aulize neno moja tu.

Tatizo la pili ni namba ya slaidi yenyewe. PowerPoint huhesabu slaidi za faili zima mfululizo, na haina njia ya kuanza upya katikati. Ukiongeza slaidi moja kwenye Mada ya 2 usiku, kila slaidi inayofuata inasogea, na vitini vilivyokwisha kuchapwa vinakosa ukweli. Dawa yake ni kuweka kila mada kwenye faili lake. Fungua Design, kisha Slide Size, kisha Custom Slide Size, na kwenye Number slides from andika 601 kwa Mada ya 6, 701 kwa Mada ya 7. Sasa mshiriki akisema “rudi 614”, kila mtu anajua ni mada ipi. Ukiongeza slaidi, zinazosogea ni za mada hiyo peke yake. Angalia tu kwamba slaidi uliyoificha bado inahesabiwa: ukificha 609, washiriki wataona 608 ikifuatwa na 610, na lazima atokee mmoja wa kuuliza 609 imekwenda wapi.

Mafaili nayo yaitwe kwa tarakimu mbili, 06 na 07, maana kuna vifaa vinavyopanga 10 kabla ya 2.

Slaidi ya kigawanyo, ile inayofungua mada, wengi huifanya pambo: rangi kali na jina kubwa katikati. Mimi huitaka ifanye kazi zaidi. Iwe na namba na jina la mada, na chini yake orodha fupi ya 6.1 hadi 6.3, basi. Kisha inakiliwe kila kipande kinapoanza, kipande kinachofuata kikiwa kimekolezwa na vingine vimefifia. Baada ya chakula cha mchana, nakala hiyo huwarudisha watu kwenye uzi bila mwezeshaji kuhubiri.

Slaidi hiyo ya kigawanyo itengenezwe kwa mpangilio wa Section Header uliomo ndani ya Slide Master, si kwa kuchora kisanduku cha maandishi kwenye slaidi tupu. Kujua iwapo mwenzako amekwepa hilo, fungua View, kisha Outline View: slaidi ambayo jina lake halionekani pembeni mwa namba imetumia kisanduku, na siku mtakapobadilisha ukubwa au mahali pa jina kwenye Slide Master, kisanduku hicho hakitafuata wenzake.

Usichanganye kigawanyo na Section, ile unayoiongeza kwa kubofya kulia kati ya slaidi. Hiyo ni ya mwandaaji tu. Washiriki hawaioni slaidi zikionyeshwa. Inafaa sana kwa kuhamisha 6.2 yote kwa mkupuo mmoja. Lakini unapoiondoa, soma menyu vizuri: Remove Section huondoa jina tu, ilhali Remove Section & Slides huondoka na slaidi zote zilizomo.

Mafaili 12 yana usumbufu wake, hasa wa kufunga moja na kufungua jingine mbele za watu. Kwa hiyo badilisha faili wakati wa mapumziko, na kwa semina ya asubuhi moja yenye slaidi 30 usijisumbue: faili moja na vigawanyo vitatu vinatosha.