Majaribio ya Mwezi Mmoja Kabla ya Mkataba

Loji za Karatu hubadilisha wauza mboga kwa shida. Mpishi mkuu aliyezoea nyanya za mtu fulani hamwachi kwa sababu mgeni amekuja na bei nafuu, maana wageni wakikosa saladi, lawama ni zake. Ndiyo maana muuzaji mpya kutoka Arusha, badala ya kuomba mkataba wa mwaka papo hapo, hufanya vizuri kuomba kipindi cha majaribio: wiki nne, oda za kweli, na vipimo ambavyo pande zote mbili zimeviandika kabla gari la kwanza halijaondoka.

Tuseme basi kuna muuzaji anayenunua soko la Kilombero na kupeleka mzigo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akipitia Makuyuni na Mto wa Mbu. Wamekubaliana vipimo viwili tu. Cha kwanza, mzigo ufike kabla ya saa 3 asubuhi. Cha pili, kilo zilizopokelewa zifikie angalau asilimia 95 ya kilo zilizoagizwa. Vinatosha. Orodha ya vipimo kumi hakuna mtunza stoo atakayeijaza.

Mwezi ukaisha. Loji iliagiza jumla ya kilo 1,200, ikapokea kilo 1,128. Hiyo ni asilimia 94, kwa hiyo muuzaji ameshindwa. Ameshindwa kweli? Katika kilo 72 zilizopungua, 32 zilikuwa nyanya zilizorudishwa kwa kuiva kupita kiasi, na hilo ni kosa lake. Lakini 40 zilizobaki ni mchicha ulioagizwa kwa ujumbe wa simu saa 3 usiku, wakati soko limefungwa na gari linatakiwa kuondoka alfajiri. Kama makubaliano yalisema oda ihesabiwe ikiwa tu imeingia kabla ya saa 9 alasiri ya siku iliyotangulia, hesabu inafanywa juu ya kilo 1,160, na muuzaji amefikisha zaidi ya asilimia 97. Mzigo ni ule ule, safari ni zile zile. Sentensi moja ya mwanzoni ndiyo inayoamua nani apate mkataba.

Kipimo cha kuwahi nacho kina mtego wake. Wiki nne kwa safari tatu ni safari 12. Ukiandika "asilimia 95 zifike kwa wakati", pancha moja tu ya Makuyuni inakushusha hadi kama asilimia 92, na umeanguka. Kwa idadi ndogo hivyo, asilimia hudanganya. Afadhali kuandika kwa maneno ya kawaida: isichelewe zaidi ya safari moja, na ikichelewa, jikoni wapigiwe simu kabla ya saa 2.

Halafu kuna mizani, na hapa ndipo urafiki mwingi huvunjikia. Sokoni nyanya hununuliwa kwa tenga. Loji hupokea kwa kilo, na tenga lenyewe lina uzito. Pande zote zikubaliane kwamba kinachohesabiwa ni uzito bila chombo, kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, dereva akiwa amesimama pale pale. Kinachokataliwa kiandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo, pamoja na sababu, kabla dereva hajasaini. Nyanya iliyokataliwa jioni, baada ya kukaa jikoni kutwa nzima, haiwezi kuhesabiwa kosa la muuzaji.

Bei ya majaribio iwe ile ile unayokusudia kuitoza baadaye. Wapo wanaoshusha bei ili wapendwe, kisha mwezi wa pili wanapandisha, na mnunuzi anaona amechezewa. Mimi naona ana haki.

Majira nayo yana neno. Aprili na Mei mvua za masika huwa kubwa na watalii wachache, kwa hiyo wiki nne za wakati huo zinapima uvumilivu wa dereva kwenye barabara yenye maji, hazipimi uwezo wa kuhudumia loji iliyojaa Agosti. Anayejaribiwa masika aombe angalau oda moja ya ukubwa wa msimu wa wageni.

Mwisho wa majaribio nao uandikwe, kwa sababu mnunuzi anayepata mboga nzuri bila kufungwa na mkataba hana haraka yoyote. "Tuendelee kidogo tuone" inaweza kufika miezi sita, huku malipo yakisubiri siku 30 kila mara. Katika majaribio dai kulipwa kila wiki. Weka tarehe ya kikao cha kusoma hesabu pamoja, mpishi mkuu na mtu wa manunuzi wakiwepo wote wawili, na andika kwamba vipimo vikifikiwa, mkataba unasainiwa ndani ya siku saba. Siku hizo zikipita bila saini, mzigo unaofuata ulipwe taslimu langoni.